Kujiuzulu si Kuondoka na Funguo



Ndugu zangu, nilikuwa mhazini wa kamati yetu kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Mwanzoni mwa muhula uliopita nilipata kazi ya kuandika hesabu katika duka la jumla huko Kikuubo, na yeyote anayeijua Kikuubo mwisho wa mwezi anajua maana yake. Natoka saa moja usiku, nakimbilia darasa la jioni, nafika chumbani saa nne. Kikao cha kamati ni Alhamisi baada ya Magharibi. Nilikosa vitatu mfululizo.

Sikujiuzulu hapo, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilififia. Amiri akipiga simu, namwambia "kesho inshaallah." Katibu msaidizi, dada mmoja mpole sana, akawa anapokea risiti zangu na kuziweka kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu daftari lilikuwa kwangu. Wengi wetu tunadhani anayejiuzulu ndiye anayeudhi wenzake, na kwa hiyo tunanyamaza ili tusiwaudhi. Kumbe kamati inaweza kumpata mhazini mpya kwa wiki moja, lakini haiwezi kufanya lolote na mhazini ambaye yupo kwa jina tu.

Nilimwendea ustadhi anayetufundisha fiqhi kumuuliza kama kuacha cheo ni kuvunja ahadi. Akanirudisha kwenye mlango wa wakala. Mtu anayeshika mali ya wenzake kwa idhini yao ni wakili wao, na wakala ni mkataba ambao kila upande unaweza kuuacha. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku tunaifuata, wakili akijivua amejivua, hata kama aliyemweka hajajua. Mahanafi wanasema haitimii mpaka aliyemweka apate habari. "Lakini," akaniambia, "kujivua uwakili kunakuondolea ruhusa ya kutumia mali, hakukuondolei mali iliyo mkononi mwako. Hiyo imebaki amana mpaka umrudishie mwenyewe, na aya ya 58 ya Suratun Nisaa ndiyo inayokudai." Akanikumbusha Abu Dharr (R.A.), aliyemwomba Mtume (S.A.W.) cheo, akaambiwa kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba cheo ni amana itakayokuwa majuto Siku ya Kiyama ila kwa aliyeichukua kwa haki yake na kutekeleza wajibu wake. Abu Dharr hakupungukiwa heshima yake kwa kuambiwa hivyo.

Basi nikamwendea amiri ana kwa ana, kabla ya kuandika chochote kwenye kundi la simu. Nilimwambia mambo mawili tu: saa zangu za kazi, na tarehe ambayo nitakuwa nimekabidhi kila kitu. Yale ya kwamba vikao vinaanza kwa kuchelewa, na kwamba bajeti ya semina ilipitishwa mimi nikipinga, nikayameza. Yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu ya kuondoka kwangu, na mtu akichanganya sababu na manung'uniko, wenzake watasikia manung'uniko peke yake. Amiri aliniomba nisubiri Ramadhani ipite, maana zilikuwa zimebaki wiki sita na futari inahitaji mhazini. Hapo ilikuwa vigumu kukataa. Nikamwambia nikibaki bila muda nitaiharibu futari yenyewe, ila nitatumia wiki nne zilizobaki kumwelekeza atakayechaguliwa. Hakufurahi, lakini alikubali. Barua niliyompa katibu siku iliyofuata ilikuwa na mistari sita.

Kazi yenyewe ilikuwa hesabu. Daftari lilisema tuna shilingi 1,846,000. Nilipokusanya vilivyopo nikapata 1,200,000 benki, 431,000 kwenye laini ya simu, na bahasha ya zaka yenye 60,000. Ukijumlisha na deni la 120,000, inakuwa 1,811,000. Zilipungua 35,000. Nilikaa Jumamosi nzima na ujumbe wa simu, mmoja baada ya mwingine, nikakuta 23,000 ni makato ya kutuma na kutoa pesa ambayo sikuyaandika. Zile 12,000 hadi leo sijui zilikwenda wapi. Mshika amana halipi kilichopotea bila kosa lake, ila akizembea analipa, na kutoandika ni kuzembea. Nikazitoa mfukoni mwangu, nikaandika kwenye ripoti kwamba nimezitoa na kwa nini. Ningeweza kuzijaza kimya kimya, lakini mhazini mpya angerithi daftari ambalo linaonyesha halikuwahi kukosea, naye angeogopa kusema siku likimkosea yeye.

Sasa lile deni. Mwenzetu mmoja wa kamati alikuwa amekopa 120,000 alipofiwa, kwa idhini ya mdomo ya amiri, nami nikampa bila kuandika. Aya ya deni katika Suratul Baqara tunaihifadhi, tukifika kwenye pesa ya rafiki tunaona aibu kutoa kalamu. Kama ningelisoma jina lake kikaoni bila yeye kujua, hata kama nina haki, ningempoteza. Nilimtafuta msikitini baada ya Isha, nikamwambia, "Ndugu yangu, Alhamisi nakabidhi, na deni hili litakuwa kwenye karatasi. Nataka tuliandike sisi wawili kwanza." Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama anaweza kulipa mara tatu. Tukaandika, amiri na katibu wakashuhudia, na kikaoni halikuchukua hata dakika mbili.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni majina. Benki haimtoi mtia saini kwa sababu amejiuzulu. Inataka muhtasari wa kikao ulioandika jina la anayetoka na la anayeingia, na saini mpya. Kwetu ilichukua wiki mbili na zaidi, na muda wote huo nilikuwa nimeacha cheo lakini saini yangu bado inatoa pesa. Tukakubaliana hakuna hundi itakayopita mpaka saini yangu itoke. Laini ya simu ilikuwa mbaya zaidi, maana nilikuwa nimeisajili kwa kitambulisho changu. Kubadilisha namba ya siri tu hakutoshi. Mwenye laini ni yule ambaye jina lake linatokea mfadhili anapotuma. Tulifungua laini mpya kwa jina la mhazini mpya, nikahamisha zile 431,000 mbele yake, makato yake tukayaandika papo hapo, na ile ya zamani nikaiacha hewani miezi miwili ili kila aliyetuma kwa mazoea nimjulishe namba mpya. Walituma watu wanne.

Bahasha ya zaka niliikabidhi peke yake, haikuingia kwenye jumla ya matumizi, kwa kuwa wenye haki nayo wametajwa na futari ya wanafunzi wote si mmoja wao.

Yule katibu msaidizi ndiye niliyemwomba radhi mwisho, na ndiye niliyepaswa kuanza naye. Mfuko wake wa plastiki ulikuwa na risiti 41, zote zimeandikwa tarehe nyuma kwa kalamu. Nilimwambia nimemdhulumu kwa kumwachia kazi yangu bila kumwomba. Akasema, "Nimekusamehe, lakini ungesema mwezi wa pili."

Siku hizi mhazini mpya hunipigia nikiwa njiani kutoka kazini. Namjibu alichouliza, basi. Juzi nilisikia ameanza kulipa wauzaji wa maharage nusu kabla na nusu baada, utaratibu ambao mimi nisingeuchagua. Hakuniuliza, nami sikusema. Ijumaa nilikwenda kubeba sufuria.