Usisubiri betri izime ndipo uichaji

Barua niliyoichagua leo imetoka kwa msomaji mmoja wa Mtwara, mama wa watoto wawili wanaosoma usiku kwa taa ndogo ya betri. Anasema alinunua betri tatu za kuchaji, saizi ya AA, zilizoandikwa alkalaini, pamoja na chaja yake. Muuzaji alimsisitizia azitumie mpaka zife kabisa ndipo azichaji, eti zisije zikazoea. Akafuata maneno yale kwa uaminifu. Mwanzoni taa iliwaka siku tatu kwa chaji moja. Baada ya miezi miwili haimalizi hata usiku mmoja. Anauliza: "Dada, nimeuziwa betri feki, au ndivyo zilivyo? Na zile za NiMH anazosifia jirani zina tofauti gani?"

Mdogo wangu, betri hukuuziwa feki. Ushauri ndio haukuwa wa betri hizo. Maneno ya kumaliza chaji kabisa yalitokana na betri za zamani za nikeli na kadmiamu, ambazo kweli zilikuwa na tabia ya kuzoea kuchajiwa katikati. Ukiyapeleka kwenye alkalaini ya kuchaji, unaiua kwa mikono yako. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukishaielewa sababu hutahitaji kumuuliza muuzaji tena.

Ndani ya betri ya alkalaini kuna zinki upande mmoja na unga mweusi wa manganizi upande wa pili. Betri inapotoa umeme, unga ule hubadilika kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza inarudishika: ukichaji, unga unarudi karibu na ulivyokuwa. Ukiendelea kuibana betri mpaka volti zake zishuke chini ya 0.9 hivi, hatua ya pili inaanza, na hapo unatengenezeka mchanganyiko mwingine wa manganizi ambao chaja haiwezi kuurudisha. Sehemu hiyo ya unga imepotea moja kwa moja. Kila unapoizima betri kabisa, unapoteza kipande kingine.

Ndiyo maana alkalaini ya kuchaji haina idadi moja ya mara unazoweza kuichaji. Idadi inategemea umeimaliza kiasi gani kabla ya kuichaji. Ukiimaliza kabisa kila mara, tegemea mara 10 hadi 25, na kufikia hapo mara nyingi imebaki na nusu ya ujazo wake au chini ya hapo. Ukiichaji ikiwa imetumika robo tu, inaweza kuvuka mara 100.

Tupige hesabu ya taa yako. Chukulia inavuta miliampia 250, na watoto wanasoma saa mbili. Kila usiku unatumia 500 mAh, yaani kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye ganda la betri. Alkalaini ya kuchaji ikiwa mpya ina kama 1800 mAh, japo kwenye taa inayovuta nguvu kiasi hicho hutapata zote. Ukiimaliza kabisa mara 25, na kila mara ikakupa wastani wa 1100 kwa sababu inashuka, jumla ni 27,500. Gawa kwa 500: usiku 55. Ndiyo hiyo miezi miwili yako.

Sasa betri zile zile, lakini kila asubuhi unazirudisha kwenye chaja hata kama taa bado inawaka vizuri. Kila usiku umetumia 500 tu. Tukizipa mara 100 bila kuzidisha, umepata usiku 100, na siku zote taa iko na mwanga. Pesa ni ile ile na taa ni ile ile. Umebadilisha tu wakati wa kuchaji, na umepata karibu mara mbili.

Tuje kwa jirani na NiMH zake, yaani nikeli na metali haidraidi. Ndani yake hakuna ule unga wa manganizi. Kuna nikeli upande mmoja na mchanganyiko wa metali unaonyonya na kuachia haidrojeni upande wa pili, na mwenendo huo hurudi nyuma na mbele mara nyingi bila kuharibika sana. Betri nzuri ya aina hii inachajiwa mamia ya mara. Tuibane hesabu: mara 300 tu, kila mara ikupe 1800 mAh. Jumla ni 540,000, ambazo kwa taa yako ni usiku 1,080. Hiyo ni karibu miaka mitatu. Kwa kitu kinachotumika kila siku, mdogo wangu, hapa hakuna ushindani.

Utasikia watu wakisema NiMH ni dhaifu kwa sababu imeandikwa volti 1.2 na alkalaini imeandikwa 1.5. Hilo lisikutishe. Alkalaini huanza na 1.5 kisha hushuka polepole tangu dakika ya kwanza, na ikifika nusu ya chaji nayo iko karibu na 1.2. NiMH hushika hapo kwenye 1.2 karibu safari yake yote, halafu huanguka ghafla mwishoni. Kwa hiyo taa yenye NiMH itawaka kwa mwanga ule ule mpaka inakaribia kuzima, na yenye alkalaini itafifia taratibu. Kufifia huko ndiyo ishara yako: mwanga ukianza kupungua waziwazi, toa betri uzichaji. Kwenye NiMH usitegemee ishara hiyo, tegemea ratiba yako ya kuchaji. Na kama kifaa chako kina alama ya betri iliyopangwa kwa alkalaini, alama hiyo itasema chaji imekwisha mapema wakati NiMH bado ina kazi ndani yake. Vifaa vichache hukataa kabisa kuwaka kwa 1.2. Ukikutana na kimoja, hapo alkalaini ina nafasi.

Nafasi nyingine ya alkalaini ni kukaa. Hapa ndipo wengi hawaulizi, na ndipo jirani yako anaweza kukosea. Betri ya NiMH ya kawaida ni mtungi unaovuja: hata kama hakuna anayekunywa, maji yanapungua. Siku ya kwanza baada ya kuchajiwa inaweza kupoteza sehemu ya kumi au zaidi, na ndani ya mwezi robo hadi theluthi imekwenda. Joto linazidisha, na sisi wa pwani tunalijua joto. Ukiiweka kwenye tochi ya dharura kabatini, siku umeme ukikatika baada ya miezi minne unaweza kukuta haina kitu. Alkalaini ya kuchaji hupoteza asilimia chache tu kwa mwaka. Ichaji, iweke kivulini, na mwakani itakuwa bado na chaji.

Lakini tangu 2005, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipotoa betri zake za Eneloop, ziko NiMH za namna nyingine zinazovuja kidogo sana. Baada ya mwaka mzima zimebaki na asilimia 70 hadi 85 ya chaji. Utazitambua kwa maelezo ya kwenye pakiti kwamba zimeshachajiwa kiwandani na ziko tayari kutumika. Ile ya kawaida haiwezi kutoa ahadi hiyo kwa sababu ingefika dukani ikiwa tupu. Ujazo wake kwa kawaida ni kama 1900 hadi 2000 mAh. Ziko zenye 2500 pia, lakini hizo huchajiwa mara chache zaidi kabla ya kuchoka, kwa hiyo usikimbilie namba kubwa. Na ukiona NiMH ya AA imeandikwa 3500 au 4000, iache pale pale. Ganda la AA halibebi kiasi hicho cha NiMH. Zile za kweli huishia karibu na 2800. Ishike pia mkononi: nzuri ina uzito wa gramu 26 hadi 31 hivi, na ile ya udanganyifu mara nyingi ni nyepesi ajabu.

Tahadhari moja msiichezee: chaja. Chaja ya alkalaini huangalia volti na kuacha kusukuma zikifika karibu 1.65. Chaja nzuri ya NiMH husukuma umeme huku ikisubiri volti zishuke kidogo au betri ipate joto, maana ndivyo NiMH inavyoonyesha kwamba imeshiba. Alkalaini haitoi ishara hiyo. Ukiiweka kwenye chaja ya NiMH itaendelea kusukumwa, gesi itajaa ndani na dawa itavuja. Dawa hiyo ni potasiamu haidroksaidi, inaunguza ngozi na macho na inakula vyuma vya kifaa. Kwa hiyo kila aina na chaja yake. Alkalaini ya kawaida isiyoandikwa kuwa ni ya kuchaji haiingii kwenye chaja yoyote.

Na betri zinazokaa pamoja ndani ya kifaa zichajiwe pamoja na zizeeke pamoja. Ziandike herufi kwa kalamu ya wino, tatu za taa ziwe A, nne za mashine ya presha, kama unayo, ziwe B. Ukichanganya nzee na mpya, ile nzee inaisha kwanza, na zile nyingine zinaendelea kuilazimisha ipitishe umeme ikiwa tupu. Hilo linaharibu aina zote mbili.

Sasa nikujibu, mdogo wangu wa Mtwara. Hizo tatu zako usizitupe leo, ila ziondoe kwenye taa. Zichaji kwenye chaja yake, kisha zipe kazi nyepesi: saa ya ukutani au rimoti, na uzichaji kila baada ya miezi michache bila kusubiri zizime. Ukiona unyevu au unga mweupe kwenye ncha zake, usiziguse kwa mkono mtupu, na hapo ndipo uziache. Kwa taa ya watoto nunua NiMH zilizochajiwa kiwandani, za 1900 au 2000 mAh, na chaja yake inayochaji kila betri peke yake. Mashine ya presha, kama unayo nyumbani, nayo ipe hizo hizo, kwa sababu pampu yake huvuta nguvu nyingi kwa mkupuo na alkalaini ya kuchaji hulegea ikibanwa hivyo.

Anayekwambia umalize chaji yote kwanza, mwulize ni betri ya aina gani. Kama ni alkalaini, usimsikilize.