Hesabu za Safari: Saa Moja Nukta Tano Si Saa Moja na Dakika Tano

Ndugu wasomaji wa vikundi vya kujisaidia, leo tufanye hesabu ya umbali, kasi na muda. Mkae pamoja, mmoja asome na mwingine aandike ubaoni au hata mchangani. Mfano wetu tumeuweka Majoreni, ila umbali na kasi tumeuchagua ili hesabu iwe nyepesi. Nyinyi mtaweka vipimo vya kwenu.

Samaki waliochelewa gari

Tuseme kikundi kina baiskeli mbili za kubebea samaki. Kutoka Majoreni hadi mahali pa kukutana na gari la mnunuzi ni kilomita 18. Baiskeli yenye mzigo huenda kilomita 12 kwa saa. Gari huondoka saa 1 kasorobo asubuhi, yaani saa 12:45, na halimngoji mtu.

Katibu akachukua kalkuleta, akagawa 18 kwa 12, akapata 1.5. Akasema, "Ni saa moja na dakika tano. Tukitoka saa 11:35 alfajiri tutafika saa 12:40, tena tutakuwa na dakika tano za kupumzika."

Vijana walitoka saa 11:35 kamili, hawakusimama popote. Walifika saa 1:05 na gari lilikuwa limeondoka dakika 20 zilizopita. Samaki wakarudishwa kijijini kwenye jua, wakauzwa kwa bei ya hasara.

Kosa liko wapi? Kugawa kulikuwa sawa. Kosa ni kusoma jibu. Ile 5 iliyo baada ya nukta si dakika tano. Ni sehemu tano katika sehemu kumi za saa, yaani nusu saa. Saa ina dakika 60, kwa hiyo nusu yake ni dakika 30. Safari ni saa moja na nusu.

Kanuni ni moja tu

Umbali = kasi × muda. Ukitaka muda, gawa umbali kwa kasi. Ukitaka kasi, gawa umbali kwa muda. Lakini kabla ya kuzidisha au kugawa, tazama vipimo. Kama kasi ni ya kilomita kwa saa, muda nao lazima uwe wa saa. Ukiwa na dakika, zigawe kwanza kwa 60. Na ukipata jibu lenye nukta, chukua ile sehemu iliyo baada ya nukta uizidishe kwa 60, ndipo upate dakika. Kwa mfano wetu: 0.5 × 60 = dakika 30.

Mtu akisahau jambo hili, hesabu yenyewe itamcheka. Mashua inayokwenda kilomita 10 kwa saa, ikienda dakika 45, itafika wapi? Mwenye haraka atazidisha 10 × 45 apate kilomita 450. Huo ni karibu mwendo wa barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi! Sahihi ni 45 ÷ 60 = 0.75 ya saa, halafu 10 × 0.75 = kilomita 7 na nusu.

Njia ya wasiopenda nukta

Iko njia nyingine ambayo mama mwekahazina anaweza kuifanya kichwani. Jiulize: kilomita moja huchukua dakika ngapi? Gawa 60 kwa kasi. Baiskeli ya kilomita 12 kwa saa: 60 ÷ 12 = dakika 5 kwa kila kilomita. Kilomita 18 basi ni 18 × 5 = dakika 90, yaani saa moja na dakika 30. Hakuna nukta ya kumpoteza mtu.

Kukagua jibu

Msilipokee jibu kabla ya kuliuliza. Kwa saa moja baiskeli inamaliza kilomita 12. Zimebaki 6, nazo ni nusu ya 12, kwa hiyo zinahitaji nusu saa. Aliyesema dakika tano anadai kwamba kilomita 6 zitakwisha kwa dakika 5, wakati baiskeli ile kwa dakika 5 inakwenda kilomita moja tu. Hapo kosa linaonekana kabla ya samaki kutoka.

Saa inapovuka 12

Saa zetu za Kiswahili zina mtego wake, kwa kuwa baada ya 12:59 tunarudi 1:00. Kutoka saa 11:35 hadi saa 1:05 ni muda gani? Usitoe kwa haraka. Panda kwa ngazi: kutoka 11:35 hadi 12:00 ni dakika 25. Kutoka 12:00 hadi 1:00 ni saa moja. Kutoka 1:00 hadi 1:05 ni dakika 5. Jumla ni saa 1 na dakika 30.

Kurudi nyuma ni vivyo hivyo. Gari linaondoka 12:45. Toa saa moja, upate 11:45. Toa dakika 30, upate 11:15. Vijana walipaswa kutoka si zaidi ya saa 11:15 alfajiri, na mapema zaidi kama njia ina matope au baiskeli inaweza kupata pancha. Hesabu inatoa muda wa njia iliyo safi, haijui matope.

Maswali ya kikundi

1. Mashua ya mashine inakwenda kilomita 16 kwa saa. Kwa dakika 15 itakwenda umbali gani?

2. Pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa. Safari ni kilomita 30. Itachukua dakika ngapi?

3. Mama anatoka nyumbani saa 12:40 asubuhi, anafika sokoni saa 1:25. Anatembea kilomita 4 kwa saa. Soko liko umbali gani?

4. Dau linatoka saa 2:30 asubuhi kwenda mahali pa kuvua, kilomita 12. Kwenda, upepo unalisaidia, linakwenda kilomita 6 kwa saa. Wavuvi wanavua saa moja. Kurudi, linakwenda kilomita 4 kwa saa. Mlango wa mikoko hukauka saa 8:00 mchana, maji yakipwa. Je, wataingia? Na kesho, maji yakichelewa kama dakika 50, wakitoka saa ile ile wataingia?

Majibu (fanyeni kwanza, ndipo mtazame)

1. 15 ÷ 60 = 0.25. Kisha 16 × 0.25 = kilomita 4.

2. 30 ÷ 40 = 0.75 ya saa. 0.75 × 60 = dakika 45. Aliyesema dakika 75 amesoma nukta vibaya.

3. Hadi saa 1:00 ni dakika 20, na 25 zaidi, jumla 45. Hiyo ni 0.75 ya saa. 4 × 0.75 = kilomita 3.

4. Kwenda ni saa 2, kuvua saa 1, kurudi saa 3. Jumla saa 6. Watafika saa 8:30, na mlango umekauka nusu saa nzima. Leo walipaswa kutoka kabla ya saa 2:00, au wapunguze kuvua. Kesho mlango utakauka karibu saa 8:50, kwa hiyo wataingia wakiwa na dakika 20 tu. Zile dakika 50 ni makadirio, hubadilika siku hadi siku, basi muulizeni nahodha anayeujua mlango wenu.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kipime njia moja kinayoitumia, kiandike umbali na dakika, kisha kipate kasi. Vipimo hivyo ndivyo mtakavyopangia safari ya samaki.