Damu ya kizungu katika ng'ombe wa maziwa: nusu ni muzuri, lakini wajukuu je?



Kila tunapopita kwenye mazizi, swali linarudi lile lile: "Ng'ombe yangu ya damu mbili inatoa maziwa muzuri. Niipe tena dume ya kizungu, binti yake apite mama?" Wengine wanabakiza dume aliyezaliwa na ng'ombe huyo, njo anapanda zizi lote. Njia zote mbili zinaleta hasara, zaidi kwa wenye kuchunga chini kwenye joto, kama upande wa bonde la Luapula.

Tuanze na mahindi, juu kila mmoja wetu anayajua. Ukinunua mbegu ya ibride, mwaka wa kwanza unavuna sana. Ukipanda tena punje za mavuno yako, shamba linashuka. Ng'ombe ni vilevile. Ndama wa baba wa kizungu na mama wa kienyeji anapokea nusu kwa kila upande, na kila kitu ndani yake kiko jozi ya damu mbili tofauti. Jozi hizo njo zinampa nguvu ya pekee: anakamuliwa vizuri, anapata mimba, anavumilia kupe na jua.

Ukimpandisha kwa dume mwenye damu nusu kama yeye, ndama bado ni nusu kwa hesabu. Lakini jozi zenye damu mbili zinabaki nusu tu, zingine zimekutana damu moja. Maziwa yanashuka, na mwenye zizi analaumu majani bure.

Ukimpa dume wa kizungu mara ya pili, ndama ana robo tatu; mara ya tatu, anakaribia asilimia 88. Hapa pia jozi zinapungua: nusu, halafu robo. Tena ngozi na mwili vinakuwa vya nchi ya baridi. Mchana ng'ombe anasimama kivulini badala ya kula. Hesabu pumzi zake saa za jua kali, akiwa kivulini na ametulia: zikipita 80 kwa dakika, joto limemshinda. Huyo hapati mimba haraka, na ndama wake wanakufa zaidi. Maziwa ambayo damu yake inaahidi hayatoki. Njo maana, kwa nchi ya joto, tunashauri damu ya kizungu ikae karibu na nusu, isipite sana theluthi mbili.

Sasa, ukisimama kwenye nusu, utapandisha na nini? Tunapenda mfano wa Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye joto na unyevu. Fermu ya Kilifi Plantations ilifuga kwa kupokezana madume wawili: Ayrshire wa Ulaya, na Sahiwal. Sahiwal ni ng'ombe mwenye nundu kutoka Punjabu, anayevumilia joto na pia ana maziwa.

Fuata hesabu. Binti wa kwanza, baba yake Ayrshire, ana asilimia 50. Anapewa Sahiwal: ndama ana 25. Huyo anapewa Ayrshire: ndama ana 62 na nusu. Anapewa Sahiwal: ndama ana 31. Baadaye damu inazunguka kati ya theluthi moja na theluthi mbili, haitoki hapo. Na jozi zenye damu mbili zinabaki karibu theluthi mbili, kizazi baada ya kizazi. Kwa kupandisha nusu kwa nusu ungebaki na nusu tu.

Kanuni ni moja: usimpe ng'ombe dume wa aina ya baba yake. Huhitaji kukumbuka babu na bibi. Ndama jike akizaliwa, mwekee alama sikioni siku hiyo: kulia kama baba ni wa kizungu, kushoto kama baba ni wa nundu. Andika pia kwenye kaye. Bila alama, mzunguko unapotea.

Kuna mpaka. Mwenye ng'ombe watatu hawezi kulisha madume wawili. Hiyo ni kazi ya koperative, au mutumie mbegu ya dume inayowekwa kwa mkono. Na dume wa nundu akitoka ukoo usio na maziwa, binti zake watashuka. Basi kabla ya kumchagua, uliza mama yake alikuwa anakamuliwa litri ngapi, na kwa miezi mingapi.

Wale madume wadogo wa damu nusu, wahasi mapema au wauze kwa nyama. Mmoja tu akibaki zizini, atapanda kabla hujajua, na ndama wake njo watakuonyesha kosa, miaka mitatu baadaye, kwenye ndoo.