Kutoka Volti Hadi K: Hesabu ya Mabati

Kidato cha nne uliishia kwenye volti ya seli. Sasa uko mwaka wa kwanza, pengine Chuo Kikuu cha Embu au kile cha Sayansi na Teknolojia kule Nchiru, Meru, na swali moja linadai vitu vitatu: volti, nishati huru na K. Usiogope, ukipata kimoja umepata vyote.

Tuchukue mabati ya kuezekea, yaani chuma kilichopakwa zinki. Yakikwaruzwa, zinki hutangulia kuliwa na chuma kikanusurika. Mmenyuko wa kukokotoa ni huu:

Zn + Fe²⁺ → Zn²⁺ + Fe

Volti za elektrodi utapewa, huna haja ya kuzikariri: chuma −0.44, zinki −0.76. Chukua ya chuma, kinachopokea elektroni, utoe ya zinki, inayozipoteza. E° = −0.44 − (−0.76) = +0.32 V.

Nishati huru ni kazi kubwa kabisa ambayo mmenyuko unaweza kufanya. Hapa zinahama elektroni mbili, basi n = 2. F ni chaji ya moli moja ya elektroni, kulombu 96,500.

ΔG° = −nFE° = −2 × 96,500 × 0.32 = −61,760 J

Alama ya kutoa inamaanisha mmenyuko unakwenda wenyewe.

K nayo, katika mmenyuko huu, ni ukolezi wa ioni za zinki ukigawanywa kwa ule wa ioni za chuma, mambo yakishatulia. Kwa kuwa ΔG° = −RT ln K:

ln K = 61,760 ÷ (8.314 × 298) = 24.93

Bonyeza eˣ kwenye kikokotoo: K ni takriban 6.7 × 10¹⁰. Kwa kila ioni moja ya chuma iliyobaki, kuna za zinki kama bilioni 67.

Wengi huteleza hapa. Ukiweka kilojuli 61.76 badala ya juli, K itatoka 1.03. Ishtuka: volti ya 0.32 haiwezi kuleta K iliyo karibu na 1. Ukiweka joto 25 badala ya 298, vikokotoo vingi vya wanafunzi vitakataa, maana jibu linapita 10¹⁰⁰.

Je, ukizidisha mlinganyo mzima kwa mbili? n inakuwa 4, ΔG° inakuwa maradufu na K inajizidisha yenyewe. E° haiguswi, inabaki 0.32, kwa sababu volti ni nishati kwa kila kulombu, na kulombu nazo zimeongezeka maradufu.

Hesabu hii haikuambii zinki italiwa kwa miaka mingapi, kwani K haijui kasi. Pia E° ni ya miyeyusho ya moli 1 kwa lita, kwa nyuzi 25. Seli ikishatumika hadi ukolezi ufikie uwiano wa K, voltimita itasoma sifuri, lakini E° yake bado ni 0.32.