Hesabu Iliyokuja kwa Picha
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze hesabu moja iliyonitoa jasho likizo iliyopita. Si hesabu ngumu. Ni ya Kidato cha Pili, nami niliidharau, ndiyo maana ikanipata.

Jioni moja nilikuwa uani namenya mihogo, simu ya mama ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa mdogo wangu, binti wa baba mdogo, asomaye shule ya kutwa katika mji mwingine. Alikuwa amepiga picha ya mstari mmoja wa daftari lake, na chini yake ameandika: "Shikamoo kaka. Naomba unisaidie, kesho naitwa ubaoni. Mwalimu amesema tutafute vigawo kwanza, kisha tuhakiki majibu yote mawili."

Picha ilipigwa usiku penye taa hafifu. Ukurasa ulikuwa umejikunja, na kivuli cha mkono wake kilifunika mwisho wa mstari. Mimi nikausoma hivi:

2x² − 5x = 17

Huu ni mlinganyo wa kipeo cha pili, kwa kuwa x yenye kipeo kikubwa ni x². Kwa njia ya vigawo, kazi ya kwanza ni kuhamisha kila kitu upande mmoja, upande wa pili ubaki sifuri. Nikapata 2x² − 5x − 17 = 0. Kisha yatafutwa namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 2 × (−17), yaani −34, na zikijumlishwa zinatoa −5. Sasa, 34 ina jozi mbili tu: 1 na 34, au 2 na 17. Kwa kuwa zao ni hasi, namba moja ni chanya na nyingine ni hasi, hivyo kuzijumlisha ni sawa na kutafuta tofauti yao. Tofauti ya jozi ya kwanza ni 33, ya pili ni 15. Hakuna 5.

Nikamjibu kwa haraka: "Hii haina vigawo. Tumia kanuni." Nikamtumia na jibu lenye kipeuo cha pili cha 161, nikarudi kwenye mihogo yangu nikijiona fundi.

Haikupita dakika tano akaandika: "Lakini kaka, kanuni hatujafundishwa bado. Mwalimu amesema vigawo tu."

Hapo niliweka kisu chini. Ni kweli kwamba iko milinganyo mingi isiyo na vigawo vya namba nzima, na hiyo huhitaji kanuni. Lakini zoezi la vigawo hutungwa liwe na vigawo. Likikataa, jambo la kwanza la kushuku ni usomaji wako, si zoezi. Nikaikuza picha kwa vidole. Ile niliyoiita 7 ilikuwa 2. Mkia wake wa chini ulikuwa umelala juu ya mstari wa daftari, rangi zikachanganyika, kikabaki kichwa tu. Nikamwuliza, naye akathibitisha kwamba ni kumi na mbili. Basi mlinganyo wenyewe ni huu:

2x² − 5x = 12

Kabla sijaendelea, niseme alichokuwa amekifanya yeye kabla ya kuniuliza, maana nimewaona wengi darasani wakifanya vivyo hivyo. Alikuwa ametoa x nje ya mabano, x(2x − 5) = 12, akasema basi x = 12, au 2x − 5 = 12. Njia hiyo ni sahihi kwa namba moja tu duniani, nayo ni sifuri. Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, hapana budi moja wapo ni sifuri. Lakini zikitoa 12, zaweza kuwa 3 na 4, au 2 na 6, au 24 na nusu. Hakuna linalolazimisha moja wapo kuwa 12. Jaribu x = 12 katika mstari wa kwanza: 2 × 144 ni 288, toa 60, yabaki 228. Iko mbali sana na 12. Ndiyo sababu twahamisha 12 kabla ya kutafuta vigawo, wala si desturi ya ubaoni tu.

Tukaanza upya, mimi huku na yeye kule.

2x² − 5x − 12 = 0

Namba mbili, zao −24, jumla −5. Mara hii jozi za 24 ni nyingi zaidi: 1 na 24, 2 na 12, 3 na 8, 4 na 6. Tofauti ya 3 na 8 ni 5. Jumla inatakiwa iwe hasi, basi iliyo kubwa ndiyo ichukue alama ya hasi: −8 na +3. Tukaigawa ile −5x kwa namba hizo, kisha tukatoa vilivyo shirika, wawili wawili:

2x² − 8x + 3x − 12 = 0
2x(x − 4) + 3(x − 4) = 0
(x − 4)(2x + 3) = 0

Akaniuliza kwa nini tunazidisha 2 na −12, na si kuichukua −12 peke yake. Nikamwambia afungue mabano ya mwisho arudi nyuma. Atapata 2x² + 3x − 8x − 12. Zile mbili za katikati zimetoka kwa kuzidisha msalaba, na 3 × (−8) ni −24, sawasawa na 2 × (−12), kwa sababu ni namba zile zile nne za mabano zilizozidishwa kwa mpangilio mwingine.

Sasa zao ni sifuri, na ile hoja aliyoitumia mapema inafaa. Ama x − 4 = 0, basi x = 4; ama 2x + 3 = 0, basi 2x = −3, na x = −3/2.

Nilidhani tumemaliza. Baada ya kitambo akaandika: "Kaka, 4 ni sawa. Ya pili imekataa. Nimeifuta."

Jibu la kwanza alilihakiki vizuri: 2 × 16 ni 32, toa 20, yabaki 12. La pili aliliweka hivi: 9/2 − 15/2, akapata −3. Tena alisema tangu mwanzo alilishuku, kwa kuwa ni hasi na ni sehemu. Nikamwomba apige picha ya uhakiki wenyewe. Alikuwa hakuweka mabano. Alipofika kwenye −5x, x ikiwa −3/2, aliandika 5 × 3/2 na kuiacha alama moja tu ya kutoa, ile nyingine ikapotea njiani. Ukiweka mabano, haipotei:

2 × (−3/2)² − 5 × (−3/2)
= 2 × 9/4 + 15/2
= 9/2 + 15/2
= 24/2 = 12

Kuna kitu kilinipendeza hapa. Ile −3 aliyoipata ndiyo hasa anayoipata mtu akiweka x = 3/2 bila hasi: 9/2 − 15/2. Kumbe alikuwa akiijaribu namba nyingine pasipo kujua. Basi uhakiki ukikataa, usifute jibu mara moja. Kwanza andika upya uhakiki wenyewe, kila x ikiwa ndani ya mabano yake, kwa kuwa huenda jibu ni zima na kosa limo katika kupima.

Kuhusu kulishuku jibu kwa sababu ya hasi, hayuko peke yake. Al-Khwarizmi wa Baghdadi, ambaye katika karne ya 9 aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra, hakuyakubali majibu ya hasi. Alitatua matatizo ya urefu na eneo, na urefu hauwi hasi. Ikiwa bustani ina upande mmoja wa mita x na mwingine wa mita 2x − 5, na eneo lake ni mita za mraba 12, mlinganyo wake ndio huu huu wa kwetu. Hapo x = 4 inatoa pande za mita 4 na mita 3. Ile −3/2 inatoa −3/2 na −8, ambazo zikizidishwa ni 12 kweli, lakini hakuna wa kuilima bustani hiyo. Katika swali la bustani tungeiacha, na tungesema kwa nini. Swali la mdogo wangu halikutaja bustani. Lilitaka kila thamani ya x, na zote mbili zina haki sawa.

Tena ni hatari kuhakiki jibu moja tu. Tuseme mtu amekosea alama akaandika (x − 4)(2x − 3). Majibu yake yatakuwa 4 na 3/2. Akiijaribu 4 itakubali, naye atafunga daftari kwa furaha, kumbe jibu la pili ni la uongo. Pia ahakiki katika mstari wa kwanza kabisa, si katika mabano. Aliyegeuza alama zote mbili, akaandika (x + 4)(2x − 3), akiweka −4 ndani ya mabano yake atapata sifuri bila shaka yoyote, kwani yametoka humo humo. Lakini katika mstari wa kwanza −4 inatoa 32 + 20, yaani 52, na kosa laonekana.

Liko kosa moja ambalo uhakiki huu haulioni, nalo lilinisumbua usiku ule nilipokwisha lala. Kama ile alama ya kutoa ndiyo ingefichwa na kivuli, ningesoma 2x² + 5x = 12. Huo nao una vigawo safi, (2x − 3)(x + 4), na majibu yake 3/2 na −4 yanakubali yote mawili katika mstari nilioudhania. Ni majibu yale yale ya kweli, alama zimegeuzwa. Nisingegundua lolote, na mdogo wangu angeyapeleka ubaoni. Hesabu ilinisaidia kuiona 7 ya uongo kwa sababu tu 17 ilikataa vigawo. Alama ya uongo ingepita kimya. Kwa hiyo siku hizi akinitumia picha, kabla sijagusa kalamu namwandikia mstari mzima kwa maneno, "mbili eksi mraba, kutoa eksi tano, sawasawa na kumi na mbili," naye aulinganishe na daftari lake.

Kesho yake jioni aliandika tena. Alikuwa ameitwa ubaoni, akafanya, na mwenzake mmoja akainua mkono kusema kwamba −3/2 haiwezekani. Akamwandikia uhakiki wenye mabano.