Somo la Wiki: Kapu la Mteja

Mwenye duka Njinjo anaweza kujua bidhaa zinazoandamana kwa kutumia daftari tu. Tuseme katika oda 100, sukari imo katika 60, chumvi 30 na majani ya chai 20. Sukari imekutana na chai mara 18, na chumvi pia mara 18.

Je, ni sawa? Hapana. Wanunuzi wa chai waliochukua sukari ni asilimia 90. Kwa wateja wote ni 60. Gawanya 90 kwa 60, unapata 1.5: zinaandamana. Kwa chumvi ni 60 kwa 60, yaani 1: bahati tu.

Hivyo mtaji ukiwa mdogo, usiache chai iishe. Mavuno ya ufuta yakipita, hesabu upya, kapu hubadilika.