PlayStation 2 kwenye Runinga ya Bonasi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Bonasi ya KTDA hulipwa kuelekea Oktoba, na nyumba nyingi za wakulima wa chai kuanzia Litein hadi Mogogosiek huitumia kununua runinga bapa. Ile nene ya zamani huondolewa mezani, lakini PlayStation 2 hubaki, kwa sababu vijana bado wanacheza FIFA. Siku mbili baadaye mashine inabebwa kwenye mfuko wa plastiki hadi kwa fundi: "Imekufa." Mara nyingi haijafa. Waya umechomekwa tundu lisilo lake, au runinga imeambiwa isome kitu kisichokuwepo. Fuata masharti haya kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Soma mgongo wa runinga kabla ya kulipa, dukani palepale. Usikubali kuambiwa "ina AV." Tafuta matundu yenyewe. Ukiona kijani, buluu na nyekundu pamoja na meupe na mekundu ya sauti, hiyo inapokea komponenti. Ukiona la njano, jeupe na jekundu tu, hiyo ni kompositi. Ukiona kitundu kimoja kidogo kama cha spika za masikioni, kilichoandikwa AV IN, dai waya wake mfupi uliomo kwenye katoni, na usiondoke bila huo. Usiubadilishe na wowote unaofanana nao, kwa maana mpangilio wa ndani hutofautiana: kwa mmoja picha imekaa nchani, kwa mwingine imekaa kwenye pete ya kati. Kama tayari umenunua mwingine na unasikia mngurumo bila picha, jaribu kuichomeka njano ya mashine kwenye jeupe, kisha kwenye jekundu la waya huo. Wakati mwingine picha hujitokeza huko. Isipotokea, waya huo si wa runinga yako.

Usitafute tundu la njano ambalo halipo. Runinga nyingi za sasa zimeunganisha njano na kijani katika tundu moja, lenye maandishi VIDEO/Y. Njano ya PlayStation 2 inaingia hapo kwenye kijani, na hakuna kinachoungua. Kisha chukua rimoti, bonyeza SOURCE au INPUT, chagua AV. Ukichagua Component hapo, utapata picha isiyo na rangi, yenye vitone vinavyotambaa, na ndipo watu huanza kulaumu mashine. Picha ikikosa rangi, gusa rimoti kabla ya kugusa bisibisi.

Weka mpangilio wa mashine ukiwa bado kwenye waya wa njano. Ukitaka kuhamia komponenti, na kwenye runinga ya inchi 43 inafaa uhamie, usianze na waya. Washa PlayStation 2 bila diski, ingia System Configuration, nenda Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Ikiachwa kwenye RGB, utaona rangi za ajabu au giza kabisa, na hapo huwezi tena kusoma menyu ya kurekebisha. Atakayekuwa amekwama hivyo arudishe waya wa njano, abadilishe, kisha ahame.

Mbona tuhame? Waya wa njano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa katika uzi mmoja, na runinga inalazimika kuvitenganisha kwa kubahatisha. Ndiyo maana majina ya wachezaji huvuja rangi pembeni. Komponenti huviweka mbalimbali: kijani hubeba mwanga pamoja na mapigo yanayoshikilia picha isiyumbe, buluu na nyekundu hubeba tofauti za rangi. Usitarajie miujiza hata hivyo. Mashine ya PAL, ambayo ndiyo tuliyozoea Kenya, kwa kawaida hutoa mistari 576 tu kwa picha, na runinga ya mistari 1080 italazimika kuinyoosha.

Chomeka moja moja, ukizima kila mara kabla ya kuchomeka, kisha uwashe na kutazama. Kosa linalowapita wengi ni kubadilisha buluu na nyekundu. Anza na kijani peke yake, runinga ikiwa kwenye Component: picha nyeusi na nyeupe iliyotulia maana yake kijani kiko sawa. Ongeza buluu, kisha nyekundu. Sasa fungua mechi na tazama jezi, usitazame uwanja. Mtu akibadilisha buluu na nyekundu, nyasi hubaki kijani karibu ileile, kwa sababu kijani hakiegemei upande wowote kati ya hizo mbili. Lakini Arsenal itatoka kifua cha samawati, na nyuso zitakuwa za maiti. Nimewaona watu wakicheza hivyo jioni nzima wakibishana kama ni jezi ya ugenini.

Usichanganye nyekundu mbili. Waya wa komponenti una vichwa vitano, na viwili ni vyekundu. Tatu zilizofungwa pamoja ni za picha, mbili zilizobaki ni za sauti. Kama zimeachana na hujui ipi ni ipi, punguza sauti karibu na mwisho, zima, chomeka moja kwenye tundu jekundu la sauti, kisha washa. Muziki ukisikika, ndiyo yenyewe. Mlio mkali wa kuzizima ukisikika, hiyo ni ya picha, zima uitoe.

Usishtuke diski za PlayStation ya kwanza zikikataa. Kupitia komponenti hutoa picha ya mistari michache ambayo baadhi ya runinga hazitambui, basi kioo kinabaki tupu wakati FIFA 14 inaendelea vizuri. Kwa diski hizo rudi njano.

Ukinunua kisanduku cha HDMI, soma herufi zake mara mbili. Runinga isiyo na tundu la AV kabisa inahitaji kilichoandikwa AV2HDMI. Kando yake rafuni kuna HDMI2AV, rangi ileile, ukubwa uleule, kazi kinyume. Kipe pia umeme wake wa USB. Bila huo hakifanyi lolote. Ubaya wake ni kuchelewa: unabonyeza pasi, mchezaji anaitoa baadaye kidogo. Washa Game Mode kwenye runinga, ucheleweshaji upungue kwa upande wa runinga. Wa kisanduku haupungui.

Kabla radi haijanguruma, chomoa kila kitu. Kericho na Bomet tunajua mvua ya alasiri na mawe yake. Kuzima kwa rimoti si kinga. Antena iliyo juu ya mlingoti inaingia nyuma ya runinga, na kutoka runinga nyaya za AV zinaingia moja kwa moja kwenye PlayStation 2. Radi ikipiga karibu inaweza kuvipitia vyote kwa njia hiyo. Chomoa antena kwanza, mawingu yakiwa bado mbali, kisha stima. Stima ikipotea, chomoa pia, na usirudishe hadi itulie. Mngurumo ukishaanza juu ya paa, usishike waya wowote, umechelewa.

Zima vyote viwili kabla ya kuunganisha. Ukigusa chuma cha kichwa cha waya na kusikia vidole vinawasha, hiyo ni stima ndogo inayopenya kutoka kwenye mashine isiyo na waya wa ardhi. Haitakuumiza, ila inaweza kudhuru tundu la runinga mpya.

Usivute waya kwa uzi, shika kichwa. Unyevu wa huku hufanya vichwa vya bei ya chini viote kutu ya kijani. Picha inayorudi ukitikisa waya ni kutu hiyo, au shaba iliyokatika ndani ya shingo. Futa kwa kitambaa kikavu na spiriti, mashine ikiwa imezimwa; ikiendelea, nunua mwingine. Ule wa PlayStation 3 unaingia pia, tundu lao ni moja.